Kutafuta jina la tuni kitabuni: faharasa ya herufi za nota au faharasa ya kupanda na kushuka?

Walimu wa kwaya na viongozi wa matarumbeta hapa Tabora tunakutana na swali hili mara kwa mara. Kundi linapiga tuni iliyorithiwa kutoka kwa wazee, kila mtu anaijua kwa sikio, karatasi yake ilishapotea, na sasa mtu anataka nota kamili ili apange upya sauti za chini. Nota huwezi kuzitafuta kabla hujajua kipande kinaitwaje na nani alikitunga. Ikiwa tuni hiyo ni ya muziki wa klasiki wa Ulaya, vipo vitabu vilivyochapishwa kwa ajili ya mtu mwenye shida hiyo hasa: anayo tuni kichwani, hana jina.

Nitalinganisha viwili. Cha kwanza ni kamusi ya Harold Barlow na Sam Morgenstern, iliyotoka New York mwaka 1948, yenye tuni karibu 10,000 za muziki wa vyombo. Humo unatafuta kwa kuandika nota za mwanzo kwa herufi: C, D, E, F, G, A, B. Cha pili ni cha Denys Parsons, kilichotoka Uingereza mwaka 1975. Humo huandiki nota yoyote. Unaandika tu kama sauti imepanda, imeshuka au imerudia palepale.

Msimamo wangu nautoa mapema. Mtu aliyelelewa na solfa, kama walivyo wengi wetu tuliojifunzia muziki kwaya za kanisa, aanze na kitabu cha herufi, kwa sababu kazi ngumu inayowasumbua wengine yeye ameshaimaliza kabla hajafungua ukurasa. Ila kuna tuni za aina fulani ambazo solfa yenyewe ndiyo inayompoteza, na kwa hizo kitabu cha Parsons kinamfikisha haraka zaidi.

Kila kitabu kinataka nini kutoka kwako

Kamusi ya 1948 ina sehemu mbili. Sehemu kubwa ya mbele imepanga tuni kwa majina ya watunzi, kila tuni imeandikwa kwenye mistari mitano kwa ufunguo wake halisi, na pembeni ina alama yake: herufi ya mwanzo ya jina la mtunzi ikifuatiwa na namba. Kipande kimoja kinaweza kuwa na tuni kadhaa humo, maana wameweka pia tuni ya pili ya sehemu moja na tuni za sehemu zinazofuata. Nyuma ya kitabu ndipo ilipo faharasa ya herufi. Humo tuni zote zimehamishwa: za meja zimewekwa kwenye C meja, za maina zimewekwa kwenye C maina, kisha zikapangwa kialfabeti. Mapambo madogo, kama mtetemo wa nota au vinota vidogo vinavyotangulia nota kubwa, hayahesabiwi. Urefu wa nota hauonyeshwi kabisa.

Kwa hiyo haijalishi kundi lako limepiga kwa Do ipi. Unachotakiwa kujua ni kila nota imekaa wapi ukilinganisha na Do. Na hilo ndilo solfa inalolifanya tangu siku ya kwanza. Mwenzetu aliyejifunza kwa mistari mitano peke yake huanza kwa kuuliza tuni iko kwenye ufunguo gani, halafu ahesabu hatua za kuihamishia C. Wewe ukishaandika d r m, umeshahamisha.

Kitabu cha Parsons kinaanza na nyota badala ya nota ya kwanza, kisha kila nota inayofuata inapewa alama moja: U ikiwa imepanda juu ya iliyotangulia, D ikiwa imeshuka, R ikiwa imerudia. Alama zinaandikwa tano tano, hadi 15, na kupangwa kialfabeti, yaani D kwanza, kisha R, kisha U. Mbele ya alama hizo kuna jina la mtunzi na la kipande. Hakuna mistari ya nota. Angalia pia kwamba D ya Parsons ni kushuka tu, haina uhusiano na nota D, wala na d ya solfa. Anayetumia vitabu vyote viwili kwa siku moja atenge karatasi mbili, la sivyo atachanganya.

Kutoka solfa hadi herufi

Tuni ya meja haina ugumu: d ni C, r ni D, na kuendelea. Ugumu uko kwenye maina. Sisi kwa kawaida tunaimba maina kwa kuiweka nyumba kwenye l. Tuni ya huzuni inatulia kwenye l, na nota inayoisukuma ifike nyumbani ni se, yaani s iliyopandishwa nusu hatua. Lakini kitabu kimehamishia nyumba hiyo kwenye C. Kwa hiyo l ya tuni ya maina haiwi A. Inakuwa C, na nota nyingine zote zinasogea pamoja nayo.

| Solfa | Tuni ya meja | Tuni ya maina |
|---|---|---|
| d | C | E♭ |
| r | D | F |
| m | E | G |
| f | F | A♭ |
| fe | F♯ | A |
| s | G | B♭ |
| se | G♯ | B |
| l | A | C |
| t | B | D |

Bandika jedwali hili kwenye jalada la ndani la daftari lako. Safu ya tatu ndiyo inayoamua kama utapata au utakosa.

Tuni ya matarumbeta ya msibani

Wamoraviani wana desturi ya muda mrefu ya matarumbeta, na hapa Tabora tumezoea kuyasikia msibani. Tuseme kundi moja lina maandamano ya polepole ambayo hakuna anayejua yametoka wapi. Kijana anayepiga sauti ya kwanza ameyaandika hivi kwa solfa:

l l l l d t t l l se l

Akaja na malalamiko.

"Shikamoo mwalimu. Ile tuni ya kaburini nimeitafuta kwenye A zote, haimo."

"Marahaba. La umeiandika A?"

"Ndiyo. Do si ndiyo C? Basi la ni A."

"Kwa tuni ya furaha, ndiyo. Hii inaishia wapi?"

"Kwenye la."

"Na kabla yake kuna se. Basi hiyo ni maina. La yako ni C."

Yeye alikuwa ameandika A A A A C B B A A G♯ A, akafungua upande wa A. Mpangilio huo ni sahihi kwa sikio, ila kitabu hakijui A maina. Kwa safu ya tatu ya jedwali tuni inageuka kuwa:

C C C C E♭ D D C C B C

Sasa unakwenda upande wa C. Tuni zinazoanza na C C ni nyingi, zenye C C C zinapungua, zenye C C C C ni chache zaidi, na humo unatafuta ile ambayo nota yake ya tano ni E♭. Hapo unafikia alama inayoanza na C, ya Chopin. Unarudi mbele kwa Chopin, unaifuata namba, na unakuta mistari mitano yenye tuni yako: maandamano ya mazishi, sehemu ya tatu ya Sonata Namba 2 ya kinanda, kwenye B♭ maina, iliyochapishwa mwaka 1840. Tuni hii ilipigwa na okestra kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, Paris, mwaka 1849.

Sasa ipitishe tuni hiyohiyo kwa Parsons. Nota ya kwanza ni nyota, zinafuata kurudia mara tatu, kupanda, kushuka, kurudia, kushuka, kurudia, kushuka, kupanda:

*RRRUD RDRDU

Hapa yule kijana asingepotea. Hakuna meja wala maina, hakuna la ya kuhamisha. Angefungua upande wa R, akashuka hadi RRRUD, akasoma jina. Kwa tuni hii Parsons anashinda kwa wepesi wa kuandika, ila baada ya kupata jina anakuacha na jina tu. Kamusi ya herufi inakuonyesha nota zenyewe, na unaweza kupiga tarumbeta palepale uone kama ndiyo. Hilo lina uzito, na nitalirudia baadaye kidogo.

Kuna jambo jingine katika tuni hii ambalo kamusi ya herufi inalifanya vizuri. Katikati ya maandamano hayo kuna wimbo wa taratibu wa meja, wenye sauti tulivu, na makundi mengine huupiga peke yake bila ile sehemu nzito. Aliyerithi kipande hicho cha katikati tu hatafuti nota za mwanzo wa sonata. Anatafuta nota za mwanzo wa kipande alichonacho, kwa C meja, kwa sababu kimehesabiwa kama tuni inayojitegemea.

Pale ambapo Do yenyewe haijulikani

Sasa tuje kwenye udhaifu mkubwa wa kitabu cha herufi. Kinataka uwe na hakika ya Do. Tuni iliyoanza na kinanda chini yake inakuonyesha Do mara moja. Tuni iliyokuja mtu anaivumisha peke yake mlangoni inaweza kukuhadaa, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni mwanzo wa Simfoni Namba 40 ya Mozart, kwenye G maina, ya mwaka 1788. Wengi wanaijua kwa mlio wa simu bila kujua jina lake.

Nota zake kumi za kwanza, zikiandikwa kwa ufunguo wake halisi, ni E♭ D D E♭ D D E♭ D D B♭. Mwimbaji wetu mzuri wa solfa akiisikia bila sauti za chini, anasikia nusu hatua inashuka, mara tatu, kisha mruko mkubwa wa kupanda. Nusu hatua ya kushuka katika solfa inaweza kuwa d kwenda t, au f kwenda m. Kwa hiyo anaweza kuandika:

d t t d t t d t t s

au

f m m f m m f m m d

Ziimbe zote mbili, kwa sauti, ukianzia pahali pamoja. Ni tuni ileile kabisa. Umbali kutoka t kupanda s ni sawa na umbali kutoka m kupanda d. Sikio halina la kuchagulia. Na hata ukichagua ya pili, bado unajiuliza kama ni f m m ya meja au ya maina. Kwa hiyo kwa kitabu cha herufi una mipangilio mitatu:

C B B C B B C B B G
F E E F E E F E E C
A♭ G G A♭ G G A♭ G G E♭

Ya tatu ndiyo iliyomo kwa Mozart. Mtu mvumilivu atatafuta zote tatu na kuipata. Lakini ipo njia ya kupunguza: endelea kuimba. Tuni haiishii kwenye ule mruko. Ukianza na f m m, nota zinazofuata ni d t l l s f f m r r, zote za kawaida, hakuna iliyopindishwa. Ukianza na d t t, nota hizohizo zinakuwa s fe m m r d d t l l. Fe imeingia mapema, bila sababu. Nota iliyopandishwa inapojitokeza ghafla karibu na mwanzo, mara nyingi maana yake ni kwamba Do umeiweka mahali pasipo pake. Isogeze Do mpaka nota hiyo ipotee, kisha ndipo uandike herufi. Njia hii haifui dafu kwa kila tuni, maana wapo watunzi waliozipindisha nota makusudi tangu mwanzo, lakini kwa tuni za karne ya 18 inasaidia sana.

Kwa Parsons swali lote hili halipo:

*DRUDR UDRU

Kushuka, kurudia, kupanda, mara kwa mara, na mwisho kupanda. Mtu asiyejua hata solfa angeweza kuiandika. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: ikiwa watu wawili wenye masikio mazuri wanaandika solfa mbili tofauti za tuni moja, liache jedwali la herufi kwanza, chukua Parsons.

Lakini usidhani kupanda na kushuka ni salama siku zote. Mruko ule wa Mozart, kutoka m hadi d ya juu, ni mkubwa, na mwanaume wa besi anayeimba polepole asubuhi hataufikia. Atafanya wanachofanya wanaume wote wa besi: ataishukia d ya chini. Kwa kitabu cha herufi hakijaharibika kitu, E♭ ya juu na E♭ ya chini huandikwa sawa. Kwa Parsons, U imegeuka D na unatafuta ukurasa mwingine kabisa. Kwa hiyo muulize anayekuimbia, au mwombe airudie juu zaidi kwa sauti nyembamba. Ukiona mruko mkubwa ndani ya tuni, andika njia zote mbili, ya kupanda na ya kushuka.

Maneno ya Kiswahili na nota zilizoongezeka

Kuna kosa moja linaloharibu vitabu vyote viwili kwa pamoja, nalo linatuhusu sisi kuliko Wazungu waliovitunga. Nyimbo nyingi za kanisani zimeazima tuni za klasiki, na maneno yakatafsiriwa. Kiswahili kina silabi nyingi. Neno ambalo kwa Kijerumani lilikuwa na silabi moja juu ya nota ndefu, kwetu linaweza kuwa na mbili au tatu, na mwenye kupanga akaigawa nota ndefu ziwe fupi mbili za palepale. Sisi tulioikariri tuni kupitia maneno tunazikumbuka nota mbili. Mtunzi aliandika moja.

Chukua tuni ya Haydn iliyomo kwenye sehemu ya pili ya Kuateti ya Opasi 76 Namba 3. Ilitungwa kwanza kuwa wimbo wa kumtukuza Kaisari Franz wa Austria, 1797, na imeingia kwenye vitabu vya nyimbo za madhehebu mengi. Mwanzo wake kwa solfa ni d r m r f m r t d, na nota ya kwanza ni ndefu kuliko ya pili. Kwa herufi:

C D E D F E D B C

Kwa Parsons:

*UUDUD DDU

Sasa weka maneno yenye silabi mbili juu ya ile d ndefu. Wewe utaandika d d r m r f m r t d, na kwa herufi C C D E D F E D B C. Katika faharasa ya kialfabeti, C C na C D zimetenganishwa na kurasa kadhaa. Kwa Parsons ni mbaya zaidi: mwanzo wako unakuwa R badala ya U, na kwa alfabeti ya herufi tatu tu, R na U ni mbali kabisa.

Dawa yake ni kuondoa maneno. Ivumishe tuni kwa "la la la" ukisikiliza mapigo, siyo silabi, na popote penye nota mbili za sauti moja ndani ya pigo moja weka alama ya mashaka. Tafuta kwanza kama ulivyoandika, kisha tafuta tena ukiwa umeziunganisha kuwa moja. Uunganishe moja moja, ukianza na iliyo karibu zaidi na mwanzo, kwa kuwa hiyo ndiyo inayokutupa mbali. Kwa kitabu cha herufi, nota iliyozidi mahali pa nane kwa kawaida haina madhara, maana umeshafika kwenye tuni kabla ya kuifikia. Wapiga matarumbeta wana nafuu hapa. Wao hawana maneno, na mara nyingi tuni yao imebaki karibu zaidi na ya mtunzi. Kwaya na matarumbeta wakihitilafiana, mimi huwaandika matarumbeta.

Nota ngapi zinatosha

Hili nalisema kwa kifupi. Nota sita kwa Parsons ni alama tano, na alama tatu zikipangwa mahali patano zinatoa mipangilio 243 tu. Ukichukua tuni 10,000 na kuzigawa humo, ni wastani wa tuni 41 kwa kila mpangilio, na baadhi ya mipangilio imejaa kupita mingine. Nota sita kwa herufi, hata ukihesabu herufi saba tupu bila flati wala shapu, zinatoa mipangilio 117,649. Ndiyo maana kwa herufi nota sita hadi nane kwa kawaida zinakufikisha kwenye tuni moja au mbili, na kwa Parsons ni lazima ukumbuke kumi na kuendelea. Mtu aliyebakiwa na kipande kifupi kichwani hana sababu ya kumfungua Parsons.

Kuthibitisha, na kitabu kipi cha kufotokopi

Kupata jina si mwisho. Vitabu vyote viwili vimetupa urefu wa nota, kwa hiyo tuni mbili zenye mapigo tofauti kabisa zinaweza kukaa mahali pamoja. Hapa ndipo kamusi ya 1948 inapojitenga. Unageuza kurasa hadi sehemu ya mbele, unaona nota ndefu na fupi, unaona kama ni mapigo matatu au manne, na unajua ndani ya dakika moja kama umepata. Aliyetumia Parsons peke yake amebeba jina, na itambidi atafute nota mahali pengine au asikilize kipande chenyewe kabla ya kuwaambia wanakwaya kwamba amepata.

Kwa upande mwingine, kamusi ya 1948 ni ya muziki wa vyombo tu. Tuni za opera na nyimbo za kuimba waandishi haohao waliziweka katika kitabu cha pili, cha mwaka 1950. Anayetafuta kwaya ya Haleluya ya Handel ndani ya kitabu cha kwanza atazigeuza kurasa bure, hata akiwa ameandika herufi zote sawasawa. Mwanakwaya anayeulizia tuni aliyoisikia ikiimbwa, mpe cha 1950 kwanza. Mpiga tarumbeta mpe cha 1948. Parsons amezichanganya tuni za klasiki za kuimba na za vyombo pamoja, na za muziki wa mitaani akazitenga.

Na vitabu hivi mara nyingi vinatufikia kama fotokopi, kurasa chache kutoka kwa mtu aliyekuwa na kitabu Dar es Salaam au seminarini. Ukipewa kurasa za Parsons peke yake, zinajitosheleza: alama na jina viko mstari mmoja. Ukipewa kurasa za faharasa ya herufi bila sehemu ya mbele, utapata herufi moja na namba. Ukikuta C utajua ni mtunzi ambaye jina lake linaanza na C, basi. Kwa B ni Bach, Beethoven, Brahms na wengine wengi pamoja. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kuomba, omba kurasa za mbele za watunzi unaowashuku pamoja na zile za nyuma, na kama ni lazima uchague, chukua faharasa yote na kurasa za Bach, Handel, Haydn, Mozart, Beethoven, Mendelssohn na Chopin. Tuni za klasiki zilizoingia kwenye kwaya na matarumbeta yetu nyingi zimetoka kwa hao.